Kiti Kimoja, Abiria Wawili: Redis Inapojaa

Msimu wa Desemba, abiria wawili wanaweza kukutana mlangoni mwa basi kwenye kituo cha Magufuli, Mbezi, kila mmoja ameshika simu yenye ujumbe wa kuthibitisha kwamba kiti namba 14 cha basi la Mwanza la saa kumi na mbili asubuhi ni chake. Wote wawili wamelipa na hakuna aliyeghushi chochote. Kondakta atamlaumu wakala, wakala ataulaumu mtandao, na fundi wa mfumo akikagua programu mstari kwa mstari hataona kosa. Chanzo kinaweza kuwa pahala ambapo hakuna aliyefikiria kuangalia: kumbukumbu ya seva imejaa, na Redis imeanza kutupa vitu ili kupata nafasi.

Redis ni programu iliyoanzishwa mwaka 2009 na Salvatore Sanfilippo, mhandisi wa Italia kutoka Sisilia. Kazi yake ni kuweka data ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, yaani RAM, badala ya kuisoma diskini kila inapohitajika, na ndiyo sababu inajibu kwa kasi kubwa. Kila kitu ndani yake kina jina, ambalo huitwa ufunguo, na chini ya jina hilo kuna thamani: maandishi, namba, orodha na kadhalika. Mifumo mingi ya biashara huiweka pembeni ya hifadhidata kuu ili ibebe yale yanayohitajika haraka. Lakini RAM ina mwisho, na swali la nini kifanyike mwisho huo ukifika hujibiwa na mipangilio miwili tu, ambayo watu wengi huiweka siku ya kwanza na kuisahau.

Nitauonyesha mwendo wake kwa mfumo wa tiketi ambao nimeutunga kwa ajili ya makala hii. Majina na hesabu ni za mfano, ila tabia ya Redis ni hiyo hiyo utakayoikuta kwenye seva yoyote.

Mfumo huo unaweka ndani ya Redis vitu vya aina nne. Kuna majibu ya utafutaji, kama vile mabasi yote ya Dar es Salaam kwenda Mwanza tarehe fulani, yanayowekwa kwa saa kadhaa ili hifadhidata isiulizwe swali lile lile mara elfu. Kuna vikao vya watumiaji, yaani kumbukumbu ya nani ameingia na amefikia hatua gani. Kuna orodha iitwayo `matukio`, ambayo kila mbofyo na kila malipo huongezwa mkiani mwake, kisha programu nyingine huyachukua matukio hayo kutoka kichwani na kuyapeleka kwenye ripoti. Na kuna vizuizi vya viti. Abiria anapochagua kiti, mfumo unaandika hivi:

```
SET kiti:DAR-MZA-0600:14 abiria:88213 NX EX 600
```

Amri hiyo inasema: kiweke kizuizi hiki iwapo hakipo bado, na kife chenyewe baada ya sekunde 600. Ndani ya dakika hizo 10 abiria anapata ombi la malipo kwenye simu, anaingiza namba ya siri, na muamala unathibitishwa. Mtu mwingine akijaribu kiti hicho hicho atakataliwa kwa sababu ufunguo upo. Ni utaratibu mzuri na umeenea. Unategemea jambo moja tu, kwamba ufunguo uliowekwa kwa dakika 10 utabaki dakika 10.

Sasa tazama mipangilio miwili niliyoitaja. Wa kwanza, `maxmemory`, ni kikomo cha kumbukumbu. Wa pili, `maxmemory-policy`, ni sera ya kufuata kikomo kikifikiwa. Sera ya msingi, usipoigusa, ni `noeviction`: Redis haitupi kitu, inakataa tu maandishi mapya. Sera nyingine hutupa funguo, na majina yake yanajieleza ukishajua sehemu mbili. Zinazoanza na `allkeys` zinaweza kutupa ufunguo wowote. Zinazoanza na `volatile` hutupa zile tu zilizopewa muda wa kufa, kama kile kizuizi cha kiti. Sehemu ya pili ya jina hueleza namna ya kuchagua: `lru` hutafuta ulioguswa zamani zaidi, `lfu` usioguswa mara nyingi, `ttl` uliobakiza muda mfupi zaidi wa kuishi, na `random` huokota tu.

Katika mfumo wetu fundi aliweka kikomo cha gigabaiti 1 na sera ya `volatile-lru`. Hoja yake ilikuwa ya maana: vitu vyenye muda wa kufa ni vya kupita, kwa hiyo vitupwe hivyo, na vile vya kudumu vibaki. Miezi yote ya kawaida hakuna aliyelalamika.

Desemba ikaja. Ile programu inayochukua matukio kwa ajili ya ripoti ikasimama usiku mmoja, na hakuna aliyegundua, kwa kuwa tiketi zinauzwa kama kawaida na ripoti husomwa mwisho wa wiki. Orodha ikaanza kurefuka. Matukio 20 kwa sekunde si mengi kwa msimu huo, na kila tukio lina baiti 400 hivi. Kwa siku moja hayo ni matukio 1,728,000, sawa na megabaiti 691. Ufunguo mmoja tu, `matukio`, umemeza theluthi mbili ya seva, na hauna muda wa kufa, kwa hiyo sera ya `volatile-lru` haiwezi kuugusa hata ukifika wapi.

Kilichofuata ndicho ninachotaka msomaji akielewe vizuri, kwa sababu dalili zake hupotosha. Redis haitupi kitu kwa kuangalia ukubwa wake wala umuhimu wake. Chini ya `lru` inaangalia ni lini kiliguswa mara ya mwisho, na hata hilo inalifanya kwa kukadiria: huokota sampuli ya funguo chache, kwa kawaida 5, na kumtupa yule aliyekaa muda mrefu zaidi bila kuguswa kati ya wale iliowaona. Nafasi ikiwa kubwa, atakayetupwa ni jibu la utafutaji la juzi ambalo hakuna anayelihitaji. Lakini orodha ya matukio inavyozidi kuvimba, nafasi iliyobaki kwa wengine inapungua, na umri wa kinachotupwa unapungua nayo. Mwanzoni vinatupwa vilivyokaa siku nzima bila kuguswa, baadaye vya saa tatu, baadaye vya nusu saa. Siku umri huo unaposhuka chini ya dakika 10, vizuizi vya viti vinaanza kuanguka.

Kizuizi cha kiti kiko hatarini kuliko kikao. Kikao huguswa kila mtumiaji anapobofya, kwa hiyo daima kinaonekana kipya. Kizuizi huandikwa mara moja na kukaa kimya huku abiria anatafuta namba yake ya siri au anasubiri mtandao wa malipo uitike. Kwa macho ya Redis huo ni ufunguo usio na mwenyewe. Unatupwa dakika ya sita, abiria wa pili anakuja dakika ya saba na kukuta kiti ki wazi, na wote wawili wanakamilisha malipo. Hakuna ujumbe wa kosa unaoandikwa mahali popote, maana kwa Redis hakuna kosa lililotokea. Imefuata sera iliyopewa.

Na usidhani sera nyingine ingeokoa. Kwa `volatile-ttl`, vizuizi vya dakika 10 vingekuwa vya kwanza kabisa kutupwa, kwa kuwa ndivyo vyenye maisha mafupi. Kwa `allkeys-lru`, orodha ya matukio ingeruhusiwa kutupwa kwa maandishi tu, lakini inaguswa mara 20 kila sekunde, kwa hiyo haionekani kuukuu hata siku moja. Ufunguo mkubwa unaotumika muda wote huwasukuma nje wadogo wasio na hatia. Hilo ndilo jambo ambalo kubadilisha sera peke yake hakuwezi kulitibu.

Dalili ya kipindi hiki cha kimya inasomeka mahali pamoja. Amri `INFO stats` hutoa hesabu mbili zinazofanana kwa sura: `expired_keys`, funguo zilizokufa kwa muda wake, na `evicted_keys`, zilizotupwa kabla ya wakati. Ya kwanza ikipanda ni afya. Ya pili inahesabu tangu Redis ilipowashwa, kwa hiyo namba moja peke yake haisemi mengi. Isome, subiri dakika moja, isome tena, kisha utoe. Tofauti ikiwa si sifuri kwenye seva inayobeba vizuizi vya malipo, simamisha mengine yote ushughulikie hilo.

Mfumo wetu haukuangaliwa, na ukaingia kipindi cha pili. Funguo zenye muda wa kufa ziliisha zote. Hapo `volatile-lru` haina tena cha kutupa, na Redis hugeuka kuwa kama `noeviction`. Kila anayejaribu kuandika anapata jibu hili:

```
OOM command not allowed when used memory > 'maxmemory'.
```

Sasa ndipo simu za malalamiko zinapoanza, kwa kuwa hakuna anayeweza kuingia wala kuchagua kiti. Kusoma bado kunawezekana, na ndiyo maana kurasa nyingine zinafunguka na kuwafanya watu wadhani tatizo ni la mtandao wa simu. Binafsi naona kipindi hiki ni cha heri kuliko kile cha kwanza, kwa sababu angalau Redis inasema.

Fundi akiketi mbele ya seva, swali la kwanza ni kama kweli kikomo kimefikiwa na sera ni ipi:

```
redis-cli INFO memory
used_memory_human:1.00G
maxmemory_human:1.00G
maxmemory_policy:volatile-lru
```

Kuna wakati `maxmemory` itaonyesha 0. Maana yake ni kwamba hakuna kikomo, na Redis itaendelea kukua mpaka Linux yenyewe iishiwe RAM na kuamua kuiua. Dalili yake ni tofauti: hakuna kukataliwa, kuna kuzimika ghafla. Kwa mfumo wetu kikomo kipo na kimefikiwa. Swali la pili ni la `INFO keyspace`, amri ninayoiona inadharauliwa kuliko inavyostahili:

```
db0:keys=231046,expires=0,avg_ttl=0
```

Kuna funguo 231,046, na kati ya hizo zenye muda wa kufa ni sifuri. Mstari huo mmoja unaeleza kwa nini sera ya `volatile` imekwama. Pia unazua swali jipya. Tulijua kwamba `matukio` haina muda wa kufa, lakini huo ni ufunguo mmoja. Hizo nyingine zaidi ya laki mbili zimetoka wapi?

Kutafuta funguo kubwa kuna chombo chake. Wapo watu ambao hukimbilia amri ya `KEYS *`, na hilo ni kosa kwenye seva inayofanya kazi, kwa kuwa Redis hutekeleza amri moja baada ya nyingine na wote wengine wangesubiri mpaka orodha nzima isomwe. Tumia hii, inayopita kidogo kidogo na kupumzika njiani:

```
redis-cli --bigkeys -i 0.1
```

Itataja ufunguo mkubwa kuliko yote wa kila aina. Tahadhari moja: kwa orodha na makundi inahesabu idadi ya vilivyomo, si uzito. Orodha ya vitu 50,000 vya baiti 20 itaonekana kubwa kuliko ya vitu 1,000 vya kilobaiti 100, ingawa hiyo ya pili ina uzito mara 100. Chaguo la `--memkeys` hupima kwa baiti, na ufunguo mmoja mmoja unaweza kuupima hivi:

```
MEMORY USAGE matukio
(integer) 709483120
```

Hapo `matukio` imekamatwa ikiwa na megabaiti 709. Wengi wangeishia hapo na kushangilia. Lakini kikomo ni megabaiti 1,073, kwa hiyo zaidi ya megabaiti 300 hazijaelezwa, na hakuna ufunguo mwingine mkubwa kwenye ripoti. Hii ndiyo kasoro ya kutafuta vikubwa tu: haioni umati wa vidogo. Ukiokota funguo kadhaa kwa `RANDOMKEY`, karibu zote ni vikao, kila kimoja kina baiti 1,400 hivi. Ukizidisha kwa 230,000 unapata megabaiti 322, na hesabu inakaribia kutimia. Iliyosalia ni ya Redis yenyewe kwa majedwali yake. Ukiuliza `TTL` ya kikao chochote kati ya hivyo, jibu ni -1, yaani upo na hautakufa. (Ukipata -2, ufunguo haupo kabisa.)

Vikao vilipangwa kufa baada ya nusu saa. Kilichotokea ni kwamba programu ilikiunda kikao ikiwa na `EX 1800`, sawa kabisa, lakini mtumiaji alipobadilisha lugha au kuongeza abiria wa pili, ilikiandika upya kwa `SET` tupu. Na `SET` tupu hufuta muda wa kufa uliokuwepo. Haitoi onyo, ndivyo ilivyoandikwa kufanya. Kuanzia hapo kikao hicho ni cha milele. Tiba ni kuweka `EX` kila mara, au kuongeza neno `KEEPTTL`, lililokuja na toleo la 6.0, linalosema muda wa zamani uachwe ulivyo. Kosa hili huvuja polepole kwa miezi bila mtu kujua, na orodha iliyokwama ilikuwa tu ya kuumaliza mwendo.

Basi, ukiwa na seva inayokataa maandishi na wateja wanaopiga simu, unaanzia wapi? Jambo la kujua ni kwamba amri za kupunguza hazikataliwi. `DEL`, `UNLINK`, `LPOP`, `LTRIM` na hata `EXPIRE` hupita. Kwa hiyo vikao vya milele unaweza kuvipitia kwa `SCAN` na kuvipa muda wa kufa kimoja kimoja, na nafasi itaanza kurudi. Orodha ya matukio, ikiwa ripoti zinahitajika, usiifute. Washa tena ile programu iliyosimama na uiache imeze foleni.

Hapa kuna mtego. Ikiwa programu hiyo huchukua tukio kwa `LPOP`, itafanya kazi. Lakini mafundi waangalifu hutumia `LMOVE` au ile ya zamani, `RPOPLPUSH`, ambazo hulihamishia tukio kwenye orodha ya pili ili lisipotee kazi ikikatika. Amri hizo huandika pia, na Redis iliyojaa huzikataa. Foleni inajaza kumbukumbu, na kumbukumbu iliyojaa inazuia foleni isipungue. Njia ya kutoka ni kuinua kikomo kidogo kwa muda, kama RAM ya mashine inaruhusu:

```
CONFIG SET maxmemory 1300mb
```

Inafanya kazi papo hapo bila kuzima chochote, na itapotea Redis ikiwashwa upya isipokuwa umeiandika kwenye faili kwa `CONFIG REWRITE`. Ila usiinue mpaka ukingoni mwa RAM. Redis inapohifadhi nakala diskini hujigawa mara mbili kwa muda, na kila ukurasa wa kumbukumbu unaobadilika wakati huo unanakiliwa. Seva yenye gigabaiti 2 haiwezi kubeba kikomo cha gigabaiti 2. Na ukiamua kufuta kitu kikubwa, tumia `UNLINK` badala ya `DEL`: inaondoa jina mara moja na kuachia kazi ya kusafisha ifanyike pembeni, wakati `DEL` ya kundi lenye mamilioni ya vitu inaweza kuwasimamisha wote wanaosubiri. Baada ya kusafisha, `used_memory` itashuka lakini `used_memory_rss`, ambayo ndiyo Linux inayoiona, inaweza kubaki juu kwa muda. Usishtuke, nafasi hiyo imeshikiliwa kwa matumizi yajayo.

Moto ukishazimwa, inabaki kasoro ya ujenzi. Sera ya kutupa ni moja kwa Redis nzima. Zile hifadhi zenye namba, unazobadilisha kwa `SELECT`, zinagawana kikomo kimoja na sera moja, kwa hiyo kuhamisha vizuizi kutoka namba 0 kwenda namba 1 hakuvilindi hata kidogo. Kinachohitajika ni Redis mbili zinazoendeshwa peke yake, hata kama ni kwenye mashine moja kwa milango tofauti. Ya kwanza ibebe majibu ya utafutaji, iwe na `allkeys-lru`, na itupe inavyotaka, maana jibu lililotupwa hutafutwa upya na hakuna anayeumia. Ya pili ibebe vikao, vizuizi na foleni, iwe na `noeviction`. Mafundi wengine huogopa `noeviction` kwa sababu inakataa. Mimi naitaka kwa sababu hiyo hiyo: afadhali abiria aambiwe ajaribu tena baada ya dakika tano kuliko kuuziwa kiti cha mwenzake.

Foleni nayo ipewe urefu wa mwisho. Baada ya kila kundi la `RPUSH`, amri kama `LTRIM matukio -200000 -1` huacha matukio 200,000 ya mwisho na kukata ya zamani. Kwa baiti 400 kila moja, hiyo haitazidi megabaiti 80 na ushee. Ni uamuzi wa biashara, kwani unakubali kupoteza takwimu za zamani ili mauzo yasisimame, na mwenye biashara ndiye anayepaswa kuukubali, si fundi peke yake usiku wa manane. Malipo yenyewe yasiwemo kabisa kwenye orodha inayokatwa. Na neno la mwisho kuhusu kiti liwe la hifadhidata kuu: jedwali la tiketi liwe na sharti kwamba basi, tarehe na namba ya kiti havijirudii pamoja, ili hata kizuizi kikipotea, malipo ya pili yagonge mwamba na pesa zirudishwe kabla mtu hajafunga mzigo.

Kwa Redis ya pili, tengeneza kengele tatu. Moja ilie `used_memory` ikipita asilimia 75 ya `maxmemory`, ukiwa bado na muda wa kufikiri. Ya pili isome `LLEN matukio` na kulia foleni ikipita elfu chache, kwa kuwa hiyo ndiyo ingemwamsha mtu usiku ule ule programu ya ripoti ilipokufa. Ya tatu igawanye `expires` kwa `keys` kila saa. Katika mfumo huu karibu kila ufunguo unapaswa kuwa na muda wa kufa, kwa hiyo uwiano huo ukianza kuteremka, kuna mstari wa programu mahali fulani unaoandika `SET` tupu, na una wiki kadhaa za kuutafuta kabla ya Desemba.